Nukuu ya kwanza huchagua swali la kwanza

"Kwa hiyo mnauza daftari?"

Swali lilitoka kwa mzee mmoja aliyekaa safu ya mbele, kwenye ukumbi mdogo pale Kijitonyama, jioni ambayo vijana wa kampuni changa walikuwa wanapichi mbele ya watu wenye mitaji. Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. Aliyesimama mbele yake ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, na ukutani nyuma yake ilikuwa imerudishwa slaidi ya mwanzo, maandishi meupe kwenye weusi:

*Mali bila daftari hupotea bila habari.*

Hawauzi daftari. Wanachofanya ni kusaidia maduka ya mtaani yalipwe madeni yao. Mteja akikopa, anakubaliana na mwenye duka siku na kiasi. Siku ikikaribia, ujumbe unamfika kwenye simu yake, yeye peke yake. Analipa kidogo kidogo kwa lipa namba, na duka linaona kilichoingia. Wao huchukua asilimia ndogo ya kila deni linalolipwa. Deni lisipolipwa, hawapati kitu.

Mdogo wangu alieleza hayo yote. Alieleza vizuri. Lakini muda wa maswali ulikuwa mfupi, na karibu wote ulikwisha akiwa anajibu kwa nini daftari lao ni bora kuliko madaftari ya bure yaliyojaa kwenye simu.

Nimekaa na swali la yule mzee kwa wiki kadhaa. Mwanzoni nilidhani hakusikiliza. Kadiri nilivyolirudia, ndivyo nilivyoona kwamba alisikiliza kuliko wote: aliisoma methali, akaiamini, na akaipokea biashara nzima kupitia methali hiyo.

## Pambo hujulikana kwa kuhama

Toleo la awali la wasilisho lao lilianza na ile sentensi inayozunguka mitandaoni kwa jina la Mandela, kwamba jambo huonekana haliwezekani hadi litakapofanyika. Kipimo changu kwa nukuu kama hiyo ni kimoja. Ihamishe. Iweke kwenye wasilisho la mfugaji wa kuku wa Kibaha, la fundi wa umeme wa jua, la mtu anayesambaza mitungi ya gesi Tegeta. Kama inakaa kote bila kugombana na chochote, basi haisemi chochote juu ya yeyote kati yao.

Waliiondoa wenyewe kabla ya Kijitonyama, na waliiondoa kwa sababu sahihi.

Zipo zinazodhuru zaidi ya pambo. Mojawapo ni ile ya Henry Ford, kwamba angewauliza watu wanataka nini wangemwambia farasi wenye mbio zaidi. Hakuna maandishi wala hotuba ya Ford inayojulikana kuwa na maneno hayo. Yamesambaa kwa jina lake miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1947. Hata ukiliacha hilo kando, historia yake haimsaidii anayemnukuu. Gari lake la Model T lilitoka mwaka 1908 na likatawala barabara za Marekani. Miaka ya 1920 wanunuzi wakaanza kutaka rangi mbalimbali, starehe na mabadiliko. Washindani wake General Motors wakawapa. Ford akang'ang'ania gari lake lilelile hadi mwaka 1927, alipolazimika kusimamisha uzalishaji na kupanga upya viwanda kwa ajili ya gari jipya. Ukiweka maneno hayo ukutani, msikilizaji anayeijua habari hii ana haki ya kukuuliza wewe umewauliza wateja wangapi.

Kwa hiyo nukuu huingia ukumbini na mizigo yake. Unaichagua sentensi moja, lakini msikilizaji anapokea alikotoka msemaji, alichokuwa anakitetea, na yaliyompata baadaye.

## Azimio kwenye slaidi ya kwanza

Jioni hiyohiyo kulikuwa na kijana wa kilimo aliyeanza na maneno ambayo kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii anayajua: *ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora.* Chini yake, Azimio la Arusha, 1967. Ukumbi ulitabasamu. Wazee wawili walimalizia kwa midomo kabla yake.

Slaidi ya mwisho iliomba fedha.

Azimio lenyewe, katika kurasa zinazozunguka maneno hayo, linajenga hoja moja kwa nguvu sana: kwamba fedha si msingi wa maendeleo, ni tunda la kazi za watu, na kwamba taifa maskini linajidanganya likitegemea fedha liliyopewa au kukopeshwa. Fedha haimo kwenye vile vitu vinne, na haikusahaulika kwa bahati mbaya. Kijana yule alikuwa ameikaribisha ukumbini hoja inayopinga ombi lake, akaiweka mahali pa heshima kuliko slaidi zake zote.

Nimejiuliza kama kulikuwa na namna ya kuitumia vizuri. Ipo. Kama angesema: watu tunao, ni wakulima walioko tayari kwenye vikundi, ardhi tunayo, hati hizi hapa, na fedha tunayoomba inakuja kuongeza mavuno ambayo tayari yapo, basi maneno yale yangekuwa yanamtetea. Angekuwa ameingia ndani ya hoja ya Azimio na kusimama upande wake. Lakini hapo lazima slaidi ya pili iwe watu na ya tatu iwe ardhi. Yake ya pili ilikuwa takwimu za ukubwa wa soko la mboga.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kilichompata mdogo wangu. Nukuu yake haikuwa pambo. Ilikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa ya biashara nyingine.

## Methali iliyohusu mada na kukosea swali

Tuiangalie kwa karibu, maana ni methali nzuri na ilichaguliwa kwa upendo.

*Mali bila daftari hupotea bila habari.* Ina nusu mbili. Nusu ya kwanza inataja kasoro: hakuna daftari. Nusu ya pili inataja madhara: mali inapotea na mwenyewe hajui. Ukiisoma, kichwa chako kinakamilisha tiba bila kuambiwa. Mpe daftari. Methali imeshabuni bidhaa kabla mzungumzaji hajafungua mdomo.

Sasa slaidi yao ya pili. Ni picha waliyoipiga Mbagala, kwa ruhusa ya mwenye duka, wakiwa wameziba alichoomba kizibwe. Ukurasa wa kaunta buku lenye jalada gumu, mistari ya bluu imefifia kwa vidole. *Mama nyumba ya kijani, unga 2, mafuta robo. Fundi redio, sigara, mkate. Boda wa kona, vocha, maji.* Mbele ya kila jina kuna kiasi. Mistari michache imekatwa kwa kalamu nyekundu, maana yake imelipwa. Mingi haijakatwa.

Duka lina daftari.

Daftari linajazwa kila siku, kwa mwandiko safi, na mwenye duka anajua hadi shilingi nani anadaiwa nini. Habari anazo zote. Mali inapotea mbele ya macho yake, ikiwa imeandikwa. Slaidi ya pili ilikuwa inaikanusha slaidi ya kwanza, na hakuna aliyeliona hilo kwa sababu zote mbili zilikuwa na daftari ndani yake.

Nadhani huu ndio mtego mkubwa kuliko ule wa Mandela. Nukuu isiyohusu mada unaishtukia upesi. Nukuu inayohusu mada inakutuliza. Unaona neno lako ndani yake, daftari, deni, duka, shamba, maji, unaona imefika nyumbani. Kinachotakiwa kulingana na biashara yako ni swali ambalo nukuu inaliacha kwa msikilizaji, na si lile neno tu. Methali hii iliacha swali la uwekaji kumbukumbu. Biashara yao ni jibu la swali la ulipaji.

Namna ya kulitambua hilo mapema ni kuweka nukuu na vichwa vya slaidi mbili zinazofuata mbele ya mtu asiyejua chochote, bila maelezo. Nilifanya hivyo kwenye steshenari moja Mwenge, wakati dada wa pale ananichapia kurasa. Nilimwonyesha ukurasa wa kwanza, nikamuuliza anadhani hawa vijana wanafanya biashara gani. Hakuinua hata mkono kwenye mashine.

"Vifaa vya shule?"

## Kutafuta sentensi ya deni

Mdogo wangu alikuja nyumbani Jumapili, yeye na mwenzake wa mahesabu, tukakaa barazani na karatasi. Walikuwa na orodha. Nilipenda kwamba hawakwenda kutafuta nukuu za wakubwa. Walikwenda kutafuta watu wanasemaje kuhusu deni, na kwa Kiswahili deni limesemwa sana.

Ya kwanza ilikuwa *dawa ya deni kulipa*. Kila mtu anaijua. Tatizo lake lilionekana mara tu tulipojaribu kuandika sentensi ya kuifuata. Hakuna cha kuifuata. Imeshahukumu na kufunga mlango: unadaiwa, lipa. Msikilizaji akiisoma anakubali kwa kichwa na hana anachosubiri. Tena inamweka mdaiwa kizimbani tangu slaidi ya kwanza, wakati biashara yao inasimama kwa kumwona mdaiwa kama mteja anayetaka kulipa na anashindwa namna.

Ya pili ilikuwa kibao cha dukani: *leo kwa pesa, kesho kwa mkopo*. Hii ilimvutia mwenzake wa mahesabu, na ina nguvu ya kweli, kwa sababu duka lile la Mbagala lina kibao cha aina hiyo ukutani na daftari la madeni chini ya kaunta. Mangi amekataa kukopesha kwa maandishi na anakopesha kila asubuhi. Lakini ukiisoma peke yake kwenye ukuta wa ukumbi inasema maduka hayataki mkopo, na mtu anayefikiri kwa upande huo atauliza kwa nini msiwasaidie wauze kwa pesa taslimu tu. Biashara yao inahitaji mkopo wa dukani uendelee. Sentensi ilikuwa inavuta upande mwingine.

Ya tatu aliisema mdogo wangu huku anakunja karatasi, kama mtu aliyekata tamaa.

*Kukopa harusi, kulipa matanga.*

Tulinyamaza kidogo, kisha sote tukaanza kuongea pamoja.

## Kwa nini hii ilishika

Angalia ilivyojengwa. Haimlaumu mtu. Haitaji tiba. Inaweka siku mbili kando kwa kando, siku ya kukopa na siku ya kulipa, na inasema hali ya moyo ni tofauti kabisa ilhali mtu ni yuleyule na kiasi ni kilekile. Inakuachia swali moja tu: kwa nini siku ya pili iwe msiba?

Na hilo ndilo swali wanalojibu. Siku ya pili ni msiba kwa sababu kiasi kimekusanyika na kinadaiwa chote kwa mkupuo. Ni msiba kwa sababu unadaiwa mbele ya watu, umesimama kwenye foleni ya mkate na jirani yako nyuma. Ni msiba kwa sababu ukiwa na nusu unaona aibu kuipeleka nusu, kwa hiyo unabadilisha njia na kununua duka la mtaa wa pili kwa pesa taslimu, na Mangi anakosa deni na anakosa mteja. Mwenye duka wa Mbagala alimwambia mdogo wangu kwamba watu wake wengi hawamkimbii yeye, wanakikimbia kile kibaraza chake kilichojaa macho. Kila kipande cha huduma yao kinagusa moja ya hayo: ujumbe wa siri, malipo ya vipande, siku iliyokubaliwa mapema.

Slaidi zilianza kujipanga upya zenyewe. Baada ya methali, ukurasa wa daftari, na sasa daftari halikanushi kitu, linathibitisha: angalia mistari isiyokatwa. Kisha zile sababu. Kisha huduma. Hakuna aliyelazimika kuuliza slaidi gani ifuate.

Lakini nilirudi Mwenge, kwa dada yuleyule, na karatasi mpya.

Aliisoma mara mbili. "Wanakopesha hela za harusi?"

Nilifurahi kwamba niliuliza. Hapa Dar neno harusi lina kamati, kadi za michango na vikao vya kila wiki, na mtu aliyetoka kuchangia jana anaweza kuisoma methali kama tangazo. Methali ikikaa kwenye mazungumzo, kila mtu anajua ni mfano. Ikikaa peke yake kwenye slaidi, bila sauti na bila uso wa msemaji, inaweza kusomwa neno kwa neno. Kwa hiyo walifanya mambo mawili. Waliiweka juu ya picha ya lile daftari, ikiwa imefifishwa nyuma, ili jicho lijue ni deni la duka. Na waliandika sentensi mbili za kusema mara ukumbi ukishasoma, wala hazijaandikwa ukutani: "Mtu ni yuleyule na pesa ni ileile. Sisi tunashughulika na hiyo siku ya pili."

Sikuwaambia waweke picha nyingine yoyote. Nukuu nyingi hufa kwa sababu ya mapambo yake: jua linachomoza, alama kubwa za kufungua na kufunga, uso wa mtu maarufu unaojaza nusu ya slaidi. Ukiweka uso, watu wanamtazama mwenye uso. Hii haikuwa na mwenyewe, na ukumbi wa Dar hauhitaji kuambiwa kwa maandishi kwamba ni methali.

## Mahali pa kuikalisha

Hili ni dogo ila limeharibu mawasilisho mengi niliyoyaona. Kwenye hafla hizi slaidi ya kwanza huwa haisomwi wakati unaongea. Inasomwa kabla. Waya unabadilishwa, mshereheshaji anataja jina lako, mtu anatafuta rimoti ya projekta, na muda wote huo slaidi yako ya kwanza iko ukutani. Nukuu ikiwa hapo, ukumbi umeshaisoma, umeshaichoka, na unapofungua mdomo unawarudisha nyuma.

Jina la kampuni likae slaidi ya kwanza. Nukuu iwe ya pili, iingie ukiwa tayari umesimama na umesalimia. Methali ya maneno manne husomwa kwa pumzi moja. Mpe msikilizaji pumzi hiyo bila kuongea juu yake, halafu sema sentensi yako ya daraja na usonge. Wasilisho lao lilikuwa la dakika tano, na nukuu yote pamoja na daraja haikuzidi robo dakika. Nukuu ndefu, ya mistari mitatu au minne, inakulazimisha uchague kati ya kuisoma kwa sauti, na watu wazima hawapendi kusomewa, au kunyamaza muda ambao wewe mwenyewe huwezi kuuvumilia.

## Nukuu ikaanza kudai

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuja usiku wa Jumapili ileile, kwenye slaidi ya mafanikio.

Slaidi ile ilikuwa fahari yao. Ilionyesha idadi ya maduka yaliyojiandikisha, kuanzia Mbagala hadi Tandika na Buza, mstari unapanda vizuri. Chini ya methali ya daftari, takwimu hiyo ilitosha, kwa sababu kama tatizo ni kukosa daftari, basi duka lililojiandikisha limepona. Chini ya methali mpya haikutosha hata kidogo. Ukishauliza kwa nini siku ya kulipa ni msiba, msikilizaji anataka kuona siku ya kulipa. Katika madeni yaliyofikia siku yake, mangapi yalilipwa, na yalilipwa na watu walewale waliokuwa wanakwepa?

Takwimu hizo walikuwa nazo, lakini za maduka machache tu ya mwanzo, na hazikuwa na mstari wa kupendeza. Miezi ya ada za shule ilishuka.

Mwenzake wa mahesabu akasema turudi kwenye daftari. Alisema kwa heshima, na alikuwa na hoja ambayo bado naiheshimu: "Dada, kila nukuu ni fremu. Kama tunachagua fremu, kwa nini tuchague ile inayoonyesha udhaifu wetu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli kwamba kuchagua nukuu ni kuchagua utapimwa kwa kipi, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuchagua kipimo kigumu. Nilichomjibu baadaye ni hesabu ya kawaida. Wanalipwa asilimia ya madeni yaliyolipwa. Duka likijiandikisha bila kulipwa haliwaletei shilingi. Mwekezaji yeyote makini atafika kwenye swali la ulipaji, kama si ukumbini basi atakapopitia vitabu vyao. Fremu ya daftari ingewapa makofi kwa takwimu ambayo haiwalishi, kisha ingewaacha mtu akiwagundua. Fremu ya matanga iliwafanya waseme wenyewe: hapa tumefika, miezi hii hushuka, na kwa sababu hii, na fedha tunayoomba inakwenda kwenye kupanga malipo yakwepe miezi ya ada.

Walibadilisha slaidi. Idadi ya maduka ikashuka chini, kwa fonti ndogo. Juu ikakaa ulipaji, pamoja na ile miezi iliyoshuka.

Tangu hapo ninapomsaidia mtu na nukuu ya ufunguzi namuuliza imebadilisha slaidi gani. Kama tangu iingie hakuna slaidi iliyohama, iliyofutwa wala iliyobadilishwa kichwa, naiona bado ni pambo, hata kama ni nzuri na hata kama inahusu mada.

## Kinachobaki nje ya fremu

Walipichi tena, ukumbi mwingine, watu wengine. Swali la kwanza lilikuwa: "Mnajuaje kwamba mdaiwa hatajisikia vibaya zaidi kupata ujumbe kwenye simu?" Ni swali gumu. Lakini ni swali la biashara yao, na jibu walikuwa nalo, kwa sababu maneno ya ujumbe wao waliyajaribu na wateja wenyewe wa duka kabla ya kuyatumia.

Bado sijatulia na methali hii. Inamtazama anayekopa dukani, na kwa kumtazama yeye inamficha mtu mwingine. Mangi naye anadaiwa. Unga na mafuta yale mengi ameyachukua kwa mali kauli kwa muuzaji wa jumla Kariakoo, atauza kwanza ndipo alipe, na boda wa kona asipolipa, Mangi hana cha kupeleka Kariakoo. Mnyororo mzima umefungwa na uaminifu wa watu wasioandikiana mkataba. Methali ya maneno manne haiwezi kubeba hayo yote, na nadhani haitakiwi. Ila mzungumzaji anatakiwa ajue fremu yake imekata wapi, ili swali likitokea upande uliokatwa asione kama ameshambuliwa.

Walipokwenda kuzungumza na watu wa benki niliwashauri waiondoe kabisa. Mezani walikuwa watu watatu, wana nakala zilizochapwa, wanataka kuona mtiririko wa fedha, na wanaweza kukukatiza muda wowote. Pale hakuna ukumbi wa kuwekwa pamoja kwa sentensi moja. Ukurasa wa kwanza ukawa lile daftari la Mbagala, bila maneno.

Sasa wanajiandaa kuzungumza na wauzaji wa jumla wa Kariakoo, ambao ndio wangeweza kuwafungulia maduka mengi kwa mara moja. Na hapo *kukopa harusi, kulipa matanga* inageuka. Mbele ya muuzaji wa jumla, anayekopa ni Mangi mwenyewe, na wenye maduka kadhaa watakuwemo chumbani. Huwezi kuwaambia wateja wako, mbele ya wanaowadai, kwamba wao ndio watu wa matanga. Wanahitaji sentensi inayozungumza na wote wawili, anayetoa mali kwa uaminifu na anayeirudisha, na bado hatujaipata. Kama unafanya biashara ya jumla Kariakoo, au umekulia nyuma ya kaunta, niandikie mnavyosema kwenu pale mzigo unapotoka bila pesa. Ninachotafuta ni maneno yanayosemwa kweli, siku ile mzigo unapopakiwa.